Mwaka Tuliokataa Kuchuja

Mama yangu aliposikia nimepata kazi kwenye shule ya Waislamu, alinipigia simu kutoka Upareni. Nilisikia kuku wake wakilia nyuma yake. Akauliza, "Mwanangu, kwani shule za kanisa zote zimejaa?"

Hazikuwa zimejaa. Mie nilikuwa nimechoka kuzizungukia. Nilikuwa na shahada ya ualimu wa Biolojia na Kemia, mtoto mchanga, na mume aliyekuwa akiondoka nyumbani kwetu Kimara kila siku kwenda kazini kabla ya jogoo. Shule hii, iliyoko upande wa Temeke, ndiyo iliyonijibu kwanza. Ilijengwa na jumuiya ya Waislamu wa Kishia wenye asili ya Kihindi, familia za wafanyabiashara waliozaliwa mjini hapa hapa, wao na baba zao na babu zao. Hapo mwanzo ilikuwa ya watoto wao peke yao. Nilipofika mimi ilikuwa imefungua mlango siku nyingi: nusu ya darasa walikuwa watoto wa jumuiya, wengine Waislamu wa madhehebu mengine, na waliobaki Wakristo, watoto wa makarani, wauguzi na wenye maduka kutoka Gongo la Mboto, Kinyerezi na kwingineko.

Kwenye usaili alikuwepo mwenyekiti wa bodi, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, miwani imemshukia puani. Alisoma vyeti vyangu vyote bila haraka. Swali lake lilikuwa moja.

"Mwalimu, unasali?"

"Nasali, mzee. Mie ni Mlutheri. Naimba kwaya."

"Basi. Mwalimu anayetutia hofu hapa ni yule asiyesali popote."

Nikaajiriwa. Mama akaambiwa, akasema atamwomba Mungu anilinde, na nikamjibu kwamba huko shuleni nako wapo wanaoniombea.

Nieleze kidogo shule hiyo ilivyokuwa ikiendeshwa, maana watu wengi hudhani shule ya dini ni madrasa yenye maabara. Mtaala ulikuwa wa serikali, ule ule wa shule ya kata. Wathibiti ubora walikuja kutukagua kama wanavyokagua wengine, na mtihani wa taifa ulikuwa mmoja kwa wote. Tofauti ilikuwa kwenye vipande vya siku vilivyobaki. Asubuhi mstarini mwanafunzi mmoja alisoma aya za Kurani, mwingine akatoa maana yake kwa Kiswahili, halafu ndipo ukaimbwa wimbo wa taifa. Mchana wanafunzi wa Kiislamu waliswali adhuhuri na alasiri kwa pamoja, kama ilivyo kwa Mashia, kila mmoja akiwa na kipande chake kidogo cha udongo cha kuwekea paji la uso. Vipindi vya dini vilikuwa viwili kwa wiki. Wanafunzi wa Kikristo walikuwa wakikaa maktaba saa hizo, wakisinzia, mpaka mwaka wangu wa pili nilipomwendea mkuu wa shule nikamwambia kwamba shule inayosema dini ndiyo msingi wa tabia haiwezi kuacha theluthi ya watoto wake wasinzie. Akanipa chumba. Nikawa nawafundisha Maarifa ya Biblia, na yeyote wa bodi aliyepita dirishani alitusikia tukisoma Mithali kwa sauti.

Tabia ilikuwa na alama zake kwenye ripoti, chini ya masomo: uaminifu, usafi, kuheshimu kazi, kushirikiana. Shule nyingi zina sehemu hiyo, na mwalimu wa darasa huijaza B kuanzia juu hadi chini huku anakunywa chai. Pale tulikaa kikao. Mwalimu aliyetaka kumpa mtoto D kwenye uaminifu ilimpasa aeleze tukio. Viboko havikuwepo. Darasa walifagia wenyewe, mtoto wa mwenye kiwanda na mtoto wa dereva, na vyoo pia kwa zamu. Kwenye korido kulikuwa na meza ya vitu vilivyookotwa, haina mlinzi. Nimewahi kuona juu yake saa ya mkononi imekaa tangu Jumatatu mpaka Ijumaa.

Sitaki kudanganya kwamba walikuwa malaika. Kijana mmoja aliyekuwa akiadhini kwa sauti ya kumtoa mtu machozi tulimkamata na majibu ya Fizikia ameyaandika pajani. Dini huwapa watoto maneno kwanza. Maneno hayo yanakaa mdomoni siku nyingi kabla hayajashuka mahali pengine, na kwa baadhi yao hayashuki. Lakini nilichokiona mwaka ule ninaousimulia kilinionyesha yanavyoshuka, na siku hizi mtu akinihoji kama shule hizi zinajenga tabia au zinauza tu jina la Mungu, namsimulia habari hii.

Wakati huo nilikuwa nimekuwa mwalimu wa taaluma, yaani mtu wa kusimamia ratiba, mitihani na matokeo. Mwezi wa kwanza matokeo ya kidato cha nne yalitoka, yetu yakawa yameshuka. Hatukufeli. Tulikuwa na daraja la nne kadhaa, ambalo ndilo la mwisho la kufaulu, na sifuri mbili, basi. Ila shule moja ya kanisa, si mbali na sisi, haikuwa na sifuri wala daraja la nne, na ilitundika bango kubwa barabarani. Wazazi wetu wakaliona kila asubuhi.

Kila mwalimu wa shule binafsi Dar es Salaam anajua bango kama lile hupatikanaje mara nyingi. Unaweza kufundisha vizuri sana. Au unaweza kuchuja. Unaweka wastani wa shule, na mwanafunzi wa kidato cha tatu asiyeufikia unamwita mzazi wake unampa "ushauri": ahame, au arudie darasa, au afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kwenye kituo kingine. Jina lake likisajiliwa kwingine, sifuri yake nayo huenda kwingine. Waraka wa serikali umekataza. Ndiyo maana hakuna anayeandika neno "kufukuza". Ni ushauri.

Mwezi wa saba, mhula wa pili ulipofunguliwa, mkuu wa shule aliniita. Alikuwa mtu mpole kutoka Kagera, Mkatoliki, mwenye desturi ya kupangusa meza isiyo na vumbi akiwa na jambo zito.

"Bodi wamepitisha wastani," akasema. "Mtihani wa mwezi wa kumi na moja. Atakayekuwa chini hatutamsajili hapa. Uanze kuwaandaa wazazi."

"Wangapi, kwa hesabu ya sasa?"

"Wewe ndiye mtaaluma. Unawajua."

Niliwajua. Walikuwa tisa, na niliziona sura zao hapo hapo.

"Mkuu," nikamwambia, "wazazi nitawaita. Lakini sitawaambia uongo. Nitawaambia bodi inataka hivi, na kwamba kisheria mtoto wao hawezi kuondolewa kwa ajili ya wastani. Waamue wakiwa wanajua."

Alipangusa meza. "Ukisema hivyo mwenyekiti atakuita."

"Aniite. Tunajuana."

Mzazi wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja kutoka Gongo la Mboto, mjane, karani wa mahakama. Binti yake alikuwa miongoni mwa wale tisa. Alikuwa msichana mrefu, mcheshi, wa kwanza kidato kizima kwa Kiswahili na Historia, na katika Hisabati alikuwa akipata alama unazoweza kuzihesabu kwa vidole. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, mkoba ameukumbatia.

"Mwalimu, mie ni Mkristo," akasema. "Nilimleta hapa nikasemwa na jumuiya yetu ya kanisa nzima. Nikawaambia, pale wanalea. Sasa kulea gani huku kwa kuchagua?"

Nilimwambia tu asimhamishe, asubiri.

Mwaka huo msimu wa huzuni wa Mashia, yaani siku kumi za mwanzo za Muharamu, uliangukia hapo hapo mwanzoni mwa mhula. Watoto wa jumuiya walivaa nguo nyeusi. Jioni walikwenda na wazazi wao kwenye majlisi, kusikiliza kisa cha mjukuu wa Mtume aliyekataa kumpa mkono wa utii mtawala dhalimu, akauawa jangwani na watu wake wakiwa na kiu. Shuleni mwalimu wa dini alikuwa sheikh kijana kutoka Tanga, mtu wa pwani aliyesoma ng'ambo akarudi na Kiswahili chake kitamu vile vile. Yeye hakupenda watoto walie tu. Alinieleza baadaye alichokifanya kipindi kile kwenye kidato cha tatu.

Aliwaambia, "Kumlilia aliyedhulumiwa zamani ni rahisi, maana hakudai chochote kwako. Nataka kila mmoja anitajie nani anadhulumiwa leo, karibu yako, na wewe unamwona. Msinitajie nchi za mbali. Karibu."

Watoto wakataja mambo yao. Dada wa kazi anayekula mwisho. Mlinzi anayelala kwenye boksi. Ndipo akasimama msichana mmoja wa jumuiya, mfupi, mkimya, ambaye kwa kawaida ukimwuliza swali anatazama kwanza viatu vyake.

"Sheikh, ni humu darasani," akasema. "Wapo wenzetu tisa. Mwezi wa kumi na moja wataondolewa ili shule ipate bango. Sote tunajua. Tunaswali nao, wengine tunakula nao, na hakuna aliyesema neno."

Sheikh alikuwa hajui habari ya mchujo. Alikuja ofisi ya walimu kipindi hakijaisha, kanzu imemkaa upande, akanivuta pembeni.

"Mama, ni kweli haya?"

"Kweli, sheikh."

"Na mimi nawafundisha dhulma jangwani!" Akakaa. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepigwa kofi mahali alipostahili. "Unajua yule binti ni mjukuu wa nani?"

Nilijua. Alikuwa mjukuu wa mwenyekiti wa bodi. Tena jambo jingine nililijua ambalo sheikh hakulijua: mjukuu huyo na yule binti wa Gongo la Mboto walikaa dawati moja. Nyumbani kwa kina mjukuu huyo walizungumza Kikachi, lugha ya asili yao ya Kihindi, na Kiingereza, na alipoingia kidato cha kwanza insha zake za Kiswahili zilikuwa kama samani iliyounganishwa gizani. Wa kumnyoosha alikuwa mwenzake wa dawati. Miaka miwili na nusu alimsahihishia ngeli, akamfundisha methali na mahali pa kuziweka, akamcheka, akambembeleza. Sasa mjukuu alikuwa anapata B.

Siku ya pili yake walikuja kwangu wanafunzi wanne wa kidato cha tatu, wawili wa jumuiya na wawili wa nje, mjukuu akiwa mbele. Walisalimia, wakabaki wamesimama.

"Madamu, tuna ombi," akasema mjukuu, macho yakiwa bado viatuni. "Tupewe vyumba baada ya masomo. Tutawafundisha wenyewe. Kila mwenye A au B kwenye somo anachukua mmoja au wawili. Tumeshapangana."

"Na wasipofikia wastani hata mkiwafundisha?"

Wakatazamana. Mvulana mmoja mwenye miwani ndiye aliyejibu. "Basi wasifikie, madamu, lakini wawe hapa. Sie hatujaja kumwomba mtu awapime. Tumekuja kuomba wasiondolewe."

Nimefundisha muda mrefu. Nimeshaletewa malalamiko ya chakula, ya muda wa mechi, ya mwalimu mkali. Ilikuwa mara ya kwanza watoto kunijia kuomba jambo litakaloshusha sifa ya darasa lao wenyewe, na wakijua. Niliwaambia vyumba wamepata kuanzia siku hiyo, kwa sababu funguo nilikuwa nazo mimi. Hilo la pili, nikasema, tutalipeleka kwa wenyewe.

Sheikh na mimi tukaomba nafasi kwenye kikao cha bodi. Mkuu wa shule alitupa, nadhani kwa kuwa naye moyoni alikuwa upande wetu, ingawa hakusema.

Kikao kilifanyika Jumamosi mchana, maktaba, feni zinazunguka. Wajumbe walikuwa wafanyabiashara, daktari mmoja, mwanasheria mmoja, na mama mmoja aliyekuwa mhasibu. Mwenyekiti alitukaribisha kwa adabu, akaagiza tuletewe chai. Kisha akaeleza hoja yake, na lazima niseme kwa haki kwamba haikuwa hoja ya mtu mbaya. Alisema shule hii haipati ruzuku. Wazazi wakikimbia, mishahara itatoka wapi? Na shule ikifungwa, hao tisa watafaidika nini?

"Mie ni mtu wa duka," akamalizia. "Bidhaa yenye kasoro nikiiacha rafu ya mbele, mteja anapita moja kwa moja. Siitupi. Naihamisha tu."

Sheikh alitaka kuanza na aya. Nikamgusa mkono, nikaomba nianze mimi.

"Mzee, shikamoo tena," nikasema, nao wakacheka kidogo. "Mie si wa dini yenu, kwa hiyo sitawafundisha dini. Nitasema ya kazi yangu. Hawa tisa tuliwapokea wenyewe kidato cha kwanza. Tuliwapa mtihani wa kujiunga, tukasema wanafaa. Wakapita upimaji wa kidato cha pili mikononi mwetu. Kama leo hawajui Hisabati, aliyewafundisha Hisabati miaka yote hiyo ni nani? Kasoro hiyo imetengenezwa humu humu. Mwenye duka mwaminifu akiuza kitu chenye kasoro aliyoitia mwenyewe, anakirudisha karakana. Hampelekei jirani."

Yule mama mhasibu akaweka kikombe chini.

"Jambo la pili ni la ripoti," nikaendelea. "Tuna safu ya uaminifu kwenye ripoti ya kila mtoto. Tunakaa kikao kuijaza. Siku matokeo yao yatakapotoka, tukitundika bango la kwamba shule haina sifuri, na watoto wakijua sifuri tulizihamishia kituo kingine, mie kama mtaaluma nitaijazaje safu hiyo? Watatucheka. Hata hawatatucheka mbele yetu, maana tumewafundisha heshima. Watajifunza tu kwamba maneno ya mstarini ni ya mstarini."

Ndipo sheikh akasema yake, kwa ufupi kuliko nilivyomtarajia. Alisimulia kipindi chake cha dini kilivyokwenda, bila kumtaja aliyesimama. "Nilichopanda mie kilikuwa kidogo," akasema. "Kimeota. Naomba bodi isiking'oe."

Mwanasheria alikumbusha habari ya waraka wa serikali, nikamshukuru moyoni. Daktari akasema wazazi hawasomi waraka, wanasoma bango. Mabishano yakaanza, mengine kwa Kiswahili, mengine kwa Kikachi wakisahau kwamba tupo. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa.

"Aliyesimama darasani ni mjukuu wangu," akasema. "Sheikh amenisitiri, lakini mie sina haja. Juzi, tukiwa mezani, ameniuliza. Akasema, babu, rafiki yangu alinifundisha Kiswahili mpaka nikafaulu. Mbona mimi nilipokuwa mbovu wa Kiswahili hamkuniondoa? Nikamwambia wewe ni mtoto wa hapa. Akaniuliza, na yeye wa wapi?"

"Mie nimezaliwa mji huu," mzee akaendelea. "Nimeulizwa swali hilo maisha yangu yote. Wewe wa wapi? Sasa nimemwuliza mtoto wa mwenzangu." Akamgeukia mkuu wa shule. "Wasajiliwe wote. Na mwalimu wa Hisabati aongezwe. Huyo mmoja hatoshi, tumejua siku nyingi tukajifanya hatujui."

Walipiga kura. Wawili walikataa, daktari akiwa mmojawapo, na mpaka leo tunasalimiana vizuri kabisa. Walitoa sharti moja: wale tisa wahudhurie masomo ya ziada kila siku, asiyehudhuria bila sababu aitiwe mzazi. Sharti hilo mimi mwenyewe ningeliweka.

Basi kazi ikaanza, na kazi ndiyo iliyokuwa ndefu. Ukisema wanafunzi walisaidiana, watu huona picha nzuri. Haikuwa nzuri siku zote. Wiki ya pili mvulana mwenye miwani alikuja kwangu akisema wanafunzi wake ni wavivu na anajuta. Nikamwambia karibu kwenye ualimu. Baadhi ya wale tisa waliona aibu kufundishwa na wenzao, wakawa wanajificha kantini, na sheikh akawa anawafuata huko na kukaa nao, anakula muhogo wao, mpaka wanainuka wenyewe kwa kuona haya. Chumba kilicho jirani na msikiti wa shule, kilichokuwa cha kuhifadhia majamvi, kikawa darasa la Hisabati baada ya sala. Wakristo wangu waliingia humo wamevua viatu kama wengine. Hakuna aliyewaagiza. Mmoja alinijibu nilipomwuliza, "Madamu, kwenye majamvi ya watu utakanyaga na viatu?"

Nilimkuta siku moja yule binti wa Gongo la Mboto amekaa sakafuni na mjukuu wa mwenyekiti, katikati yao karatasi imejaa milinganyo.

"Eksi inahamia huku," mjukuu alikuwa akisema, "ikihama inabadilika alama."

"Kwa nini ibadilike? Si eksi ile ile?"

"Ikihama lazima ibadilike."

"Mie nikihamia Mbagala nitabadilika?"

Wakacheka mpaka mmoja akalala chali. Nikaondoka bila kuwakatisha. Nilisikia nyuma yangu mjukuu anaanza upya, polepole, kwa mfano wa mizani ya dukani kwa babu yake, na mwenzake anasema, "Aaah. Kumbe."

Mwaka uliofuata walisajiliwa wote tisa kwa jina la shule yetu. Katika wazazi wengine, baadhi waliudhika. Mkutanoni baba mmoja alisimama akasema yeye analipia ushindani, halipii huruma, na mwishoni mwa mwezi akawahamisha watoto wake wawili. Mkuu wa shule aliwaandalia uhamisho wao bila ya neno. Nilimwuliza kama ana wasiwasi. Akapangusa meza, akasema, "Nina wasiwasi sana. Lakini silali vibaya."

Matokeo yalipotoka nilikuwa Kimara, sebuleni, simu mkononi, mtandao unagoma. Ukafunguka. Nilitafuta namba moja moja. Kati ya wale tisa, mmoja alipata sifuri, na nilimlilia, maana alikuwa amejitahidi kuliko wote. Wanne walipata daraja la nne. Wanne daraja la tatu, akiwemo binti wa karani wa mahakama, aliyekuwa na A ya Kiswahili na D ya Hisabati ambayo kwangu ilikuwa na uzito wa medali. Mvulana mwenye miwani alipata daraja la kwanza la alama saba, yaani hakuna juu ya hapo. Mjukuu alipata la kwanza pia. Kiswahili, A.

Bango hatukutundika. Wastani wetu ulikuwa wa kawaida. Mama karani alinipigia simu akipiga vigelegele peke yake ofisini, nikasikia mtu anamwambia mama, hapa ni mahakamani.

Yule aliyepata sifuri alirudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, kwa hiari yake, na wenzake wawili waliokuwa wakisubiri kwenda kidato cha tano waliendelea kumfundisha nyumbani kwao Kinyerezi. Hatukuwaomba. Tulikuja kujua alipokuja shuleni kutuonyesha matokeo mapya. Binti wa Gongo la Mboto alikwenda chuo cha uandishi wa habari, na sasa ni mtangazaji wa redio. Ukimsikia asubuhi anavyomhoji kiongozi, bila kupayuka, bila kumwacha akwepe, utasema huyu alilelewa mahali.

Wapo wanaoniambia kwamba haya yangewezekana shule yoyote yenye watu wema, iwe ya dini au isiwe. Huenda. Nimefanya mazoezi ya kufundisha shule ya serikali na niliwakuta wema wengi humo, wamezidiwa na idadi ya watoto. Ninachojua ni kwamba pale kwetu watoto walikuwa na neno la kutushika nalo. Tulikuwa tumewaambia kila asubuhi, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na mie kwa Mithali, kwamba kuna mizani isiyochezewa. Siku tulipotaka kuichezea walitusomea maneno yetu wenyewe. Shule isiyosema lolote kuhusu haki haiwezi kuumbuliwa hivyo, na mimi naona kuumbuliwa kule ndiko kulikotuokoa. Ila inataka watu wazima wanaokubali kushikwa. Shule ya dini ambayo mtoto hawezi kumwuliza mwenyekiti swali la mezani itatoa wenye kuadhini vizuri, basi.

Sasa mimi ni mkuu wa shule msaidizi. Yule mtu wa Kagera amestaafu, amenunua shamba na kila nikimpigia ananieleza habari za migomba. Mwalimu wa Hisabati wa pili aliajiriwa, wa tatu pia. Matokeo yamepanda, taratibu, kwa njia ndefu.

Januari hii alikuja baba mmoja kuulizia nafasi ya mwanawe, Muislamu, fundi wa magari, mikono ameiosha lakini oili haikutoka kwenye kucha. Mtoto alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mwalimu, niambie kabisa," akasema. "Huyu wangu kichwa chake kizito kidogo. Mkija kumchuja kidato cha tatu nitakuwa nimepoteza. Nyie mnachuja?"

"Hatuchuji."

"Hamchuji kweli, au hamchuji kwa mdomo?"

Nikampenda kwa swali lile. Nikamwambia azunguke shule, aingie darasa lolote, amwulize mwanafunzi yeyote atakayemkuta, bila mimi. Wakaondoka, baba mbele, mtoto nyuma, wakapotelea koridoni. Waliporudi, baba alikuwa anacheka peke yake.

"Nimemwuliza binti mmoja kama hapa wanafundisha tabia njema," akasema. "Kanijibu, baba, wanajaribu, ila na sie tunawafundisha wao."

Nikamwambia mtoto akae, nikampa kalamu na karatasi ya mtihani wa kujiunga, nikamwonyesha meza iliyo karibu na dirisha.